Kabla ya kuandika "hayapokelewi", uliza maneno yameletwa kuthibitisha nini

Katika mtihani wangu wa kwanza wa somo la ushahidi, swali la ushahidi wa kusikia nililimaliza kwa mistari minne. Niliandika kwamba shahidi anasimulia aliyoambiwa na mtu ambaye hayupo mahakamani, kwa hiyo maneno hayo hayapokelewi. Msahihishaji alilizungushia neno "kwa hiyo" wino mwekundu, kisha akaandika pembeni: "Yanaletwa kuthibitisha nini?" Tangu nianze kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimeona kosa hilohilo kwenye karatasi nyingi mno, na ndiyo maana nalieleza hapa kwa mfano mmoja tu, hatua kwa hatua.

Kanuni ya ushahidi wa kusikia haimkatazi shahidi kurudia maneno ya mtu mwingine. Inachokataza ni maneno yaliyosemwa nje ya mahakama kutumiwa kuthibitisha kwamba yale yanayosemwa ndani yake ni kweli. Sababu yake ni kwamba aliyeyasema huenda aliona vibaya, alisahau, alidanganya au alieleweka visivyo, na kwa kuwa hakusimama kizimbani, upande wa pili hauwezi kumhoji ili kasoro hizo zijulikane. Ukiishika sababu hiyo, utagundua kwamba yapo maneno ambayo hatari hizo haziyahusu hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeiomba mahakama iyaamini.

Chukua swali kama hili. Dereva wa lori anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia baada ya kumgonga mwendesha baiskeli. Upande wa mashtaka unadai kwamba aliendesha akijua breki ni mbovu. Yeye anasema hakuwa na habari ya ubovu wowote. Utingo wake anaitwa kutoa ushahidi kwamba siku mbili kabla ya ajali alimsikia fundi akimwambia dereva, "Breki hizi hazishiki, usilitoe gari." Fundi mwenyewe hajaitwa. Je, maneno hayo yapokelewe?

Jibu linategemea kazi ambayo maneno hayo yanapewa. Yakiletwa kuthibitisha kwamba breki zilikuwa mbovu, ni ushahidi wa kusikia, maana mahakama inaombwa imwamini fundi ambaye haijamwona wala kumsikia. Lakini yakiletwa kuonyesha kwamba dereva alionywa, si ushahidi wa kusikia. Onyo ni onyo hata kama fundi alikosea, na kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba lilitamkwa na likamfikia dereva. Hilo utingo alilisikia kwa masikio yake, na juu ya hilo anaweza kuhojiwa hadi mwisho.

Kesi ya kutegemea hapa ni Subramaniam ya mwaka 1956, iliyotoka nchi ya Malaya, leo sehemu ya Malaysia, na kuamuliwa na Baraza la Faragha mjini London, lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni ya Uingereza. Mshtakiwa alikutwa na risasi, akajitetea kwamba alikuwa chini ya vitisho vya waasi waliomkamata. Jaji alimzuia kueleza waliyomwambia, kwa hoja kwamba ni ushahidi wa kusikia. Baraza lilitengua hukumu, kwa kuwa hoja haikuwa kama waasi walisema kweli. Vitisho vile, viwe vya kweli au vya uongo, vingeweza kumfanya aogope.

Wanafunzi wengi wakishafika hapo huandika "yanapokelewa" na kuhamia swali lingine, ilhali bado kuna mambo mawili ya kupima. La kwanza ni kama kusudio ulilolitaja linahusu jambo linalobishaniwa kweli. Tuseme swali limebadilishwa kidogo, na dereva anakiri kwamba alionywa ila anasema breki zilitengenezwa jioni ileile. Hapo kuonywa hakubishaniwi tena, na anayeng'ang'ania kuyaleta maneno ya fundi "kuonyesha ufahamu" anatafuta mlango wa nyuma wa kuthibitisha ubovu wa breki. Vivyo hivyo, kama fundi alimwambia utingo peke yake na dereva hakuwepo, maneno yanaonyesha ufahamu wa utingo, ambao haumsaidii mtu katika kesi hii. Sentensi moja ndogo ndani ya swali, kwa mfano "dereva alikuwa ndani akilipa", inatosha kuligeuza jibu lote.

La pili ni kwamba maneno yaliyopokelewa kwa kusudio moja hayageuki kuwa ushahidi wa kusudio lingine. Ubovu wa breki bado unahitaji ushahidi wake, ambao unaweza kutoka kwa fundi akija mwenyewe, au kwa mkaguzi aliyelikagua lori baada ya ajali. Usipolisema hili, jibu lako linaacha nusu ya kesi ya mashtaka hewani.

Sasa ongeza maneno ya pili. Nusu saa baada ya kugongwa, akiwa ndani ya gari la wagonjwa, mwendesha baiskeli alimwambia muuguzi, "Dereva alikuwa anaongea na simu, hakuangalia mbele." Akaongeza, "Mwambie mke wangu nitachelewa, nitafika kesho." Alifariki usiku ule. Muuguzi ndiye shahidi.

Hapa usihangaike kutafuta kusudio lingine. Maneno kuhusu simu hayana faida yoyote yasipoaminiwa, kwa hiyo ni ushahidi wa kusikia, na kinachobaki ni kutafuta ubaguzi wa kanuni, yaani hali ambayo ushahidi wa kusikia unaruhusiwa hata hivyo. Ubaguzi mmoja ni wa maneno yaliyotamkwa wakati akili ya msemaji ingali imetawaliwa na tukio lenyewe. Katika kesi ya Andrews ya mwaka 1987, Mahakama ya Mabwana ya Uingereza ilisema kwamba jaji ajiulize kama uwezekano wa kutunga au kupotosha habari unaweza kuondolewa. Nusu saa peke yake haiui hoja hii, ila mtu aliyekwisha kutulia hadi akapanga ujumbe wa nyumbani anaidhoofisha.

Ubaguzi wa pili ni tamko la mtu anayekufa, na sentensi ile ya "nitafika kesho" mtunga mtihani hakuiweka kama pambo. Kwa sheria ya kale ya Uingereza, ni lazima msemaji awe amekata tamaa kabisa ya kuishi, na mtu anayetarajia kufika nyumbani kesho hajakata tamaa, kwa hiyo tamko linakataliwa. Lakini katika sheria zilizofuata Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, sharti hilo halimo. Yatosha kwamba aliyesema amefariki, kwamba chanzo cha kifo chake ndicho kinachobishaniwa, na kwamba maneno yake yanahusu chanzo hicho au mazingira ya tukio lililomuua. Maneno ni yaleyale, muuguzi ni yuleyule, na majibu ni mawili yanayopingana. Taja unatumia sheria ipi kabla ya kuandika neno "linapokelewa".

Mwisho, angalia vizuri ni nani anayezungumza kizimbani. Kama badala ya muuguzi ameitwa askari anayesema "muuguzi aliniambia kwamba marehemu alisema", una tabaka mbili. Tamko la marehemu linaweza kuwa na ubaguzi wake, lakini kauli ya muuguzi kwa askari nayo inaletwa iaminiwe na haina ubaguzi wowote, hivyo mnyororo unakatikia kwake hadi aitwe mwenyewe.