Mzani unaorudia jibu lile lile bado unaweza kudanganya

Haya ni maswali ambayo mgeni kazini huuliza siku za kwanza kwenye stoo ya kahawa. Mfano ni mmoja tu: mzani wa dijitali wa kilo 30, unaoonyesha hadi gramu 1, umewekwa katika stoo moja Mbale, Uganda. Umeletwa moja kwa moja kutoka Ulaya, ulikorekebishwa kiwandani, na tangu ufike hakuna aliyeugusa. Jiwe la kupimia ni la kilo 20, daraja la M1, ambalo linaruhusiwa kukosea gramu 1 tu.

Skrini inaonyesha hadi gramu 1. Si ndiyo kusema mzani ni sahihi hadi gramu 1?

Hapana. Gramu 1 ni hatua ya kusoma, yaani badiliko dogo kabisa ambalo skrini inaweza kuonyesha. Ni kama mistari ya rula: ukichora mistari mingi zaidi kwenye rula iliyopinda, rula hainyooki. Wauzaji wengi huandika "usahihi wa gramu 1" huku wakimaanisha hatua hii, na kuchanganya kwingi huanzia hapo dukani.

Nimeweka jiwe mara tano, majibu yamekaribiana sana. Bado kuna shaka?

Tazama majibu yenyewe: 19.932, 19.933, 19.932, 19.931, 19.932. Kati ya dogo na kubwa kuna gramu 2 tu. Mtu yule yule, mzani ule ule, mahali pale pale, ndani ya dakika chache: huko ndiko kurudia jibu, na mzani huu unarudia vizuri sana. Lakini jiwe ni kilo 20. Wastani umepungua kwa gramu 68, na huo ndio upungufu wa usahihi. Hata ukipima mara mia ukatafuta wastani, gramu 68 zitabaki pale pale, kwa sababu kila jibu limevutwa upande mmoja.

Zimetoka wapi gramu 68?

Mzani wa dijitali haupimi uzito wa kahawa kwa kuulinganisha na jiwe, kama ule wa mikono miwili. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo kikikandamizwa, na mashine hugeuza kupinda huko kuwa kilo. Kwa hiyo unategemea nguvu ya uvutano wa dunia. Sehemu nyingi za Ulaya nguvu hiyo ni kama mita 9.81 kwa sekunde mraba; Uganda, karibu na ikweta na juu ya mita 1,000, ni karibu 9.78, pungufu kwa asilimia 0.3 na ushei. Kitu kile kile kinakandamiza chuma kidogo zaidi.

Hakikisha kwa mawe mengine. Jiwe la kilo 5 linasoma 4.983, la kilo 10 linasoma 9.966. Kosa ni gramu 17, 34, halafu 68: linakua pamoja na mzigo. Kwa hiyo kubonyeza sifuri hakusaidii. Sifuri ingetibu kosa linalobaki sawa kwa kila mzigo. Mkulima anayeleta tani nzima kidogo kidogo juu ya mzani huu hupoteza kama kilo 3.4, na hakuna aliyemwibia kwa makusudi.

Na ukaribiano? Si ni kurudia jibu tu kwa jina lingine?

Ni ndugu, lakini ukaribiano ni mpana zaidi: ni jinsi majibu yanavyokaribiana hata anayepima, saa na hali vikibadilika. Acha wafanyakazi watatu wapime jiwe hilo hilo asubuhi na alasiri kwa siku mbili. Majibu yataanzia 19.921 hadi 19.942, gramu 21. Mmoja aliweka jiwe pembeni mwa sahani, mwingine alipima mzani ukiwa umewashwa sasa hivi, alasiri upepo uliingia mlangoni. Anayepima mara tano mfululizo hayaoni haya, kisha anaandika kwenye daftari kwamba mzani "unatofautiana kwa gramu 2". Kiswahili nacho hakitusaidii: tunasema "mzani uko sawa" kwa yote manne: hatua ya kusoma, kurudia jibu, usahihi na ukaribiano.

Basi nianzie wapi?

Anza na ukaribiano. Weka mzani juu ya meza imara, nyoosha miguu yake mpaka kiputo cha pimamaji kikae katikati, uache umewaka dakika 30, funga mlango, weka mzigo katikati ya sahani. Ndipo urekebishwe kwa jiwe, hapo hapo utakapotumika. Mzani wa biashara uliopigwa muhuri na UNBS, shirika la viwango la Uganda, usiufungue mwenyewe; mwite fundi anayeruhusiwa, kisha uhakikiwe upya. Ukirudi na kusoma 20.000, 19.999, 20.001, jaribu tena jiwe la kilo 5 na la kilo 10 kabla ya kupokea gunia la kwanza.