Mara 525 ya kwenye boksi haitakuonyesha pete za Zohali

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Kaka, nimenunua darubini, boksi linasema inakuza mara 525. Nikielekeza Mshtarii naona ukungu mweupe unaokimbia. Nimeuziwa bomu?"

Hujauziwa bomu, dada yangu. Darubini yako ni pacha wa ile ninayoitumia mimi nyuma ya nyumba hapa Bwiru, Mwanza: lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70, bomba lina urefu wa fokasi wa milimita 700, na ndani ya boksi kuna lenzi za jichoni za milimita 25, 10 na 4, pamoja na lenzi ya kuzidisha mara 3. Nilipoinunua, mtu mmoja niliyemheshimu sana kazini aliniambia mbele za watu kwamba kile ni kitu cha kuchezea watoto, na kwamba sayari huonwa na wazungu wenye mitambo milimani. Maneno yale bado yananiuma. Basi acha nikueleze ninachokiona kwa hicho "kitu cha watoto".

Kwanza tumalize habari ya hiyo 525. Ukuzaji unaupata kwa kugawanya 700 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jichoni. Ya 25 inakupa mara 28, ya 10 inakupa mara 70, ya 4 inakupa mara 175. Mwenye boksi amechukua hiyo 175 akaizidisha kwa 3, akapata 525. Hesabu ni sahihi, ila mwanga hautoshi. Lenzi ya milimita 70 ina kikomo chake, na kwa kawaida ni kama mara mbili ya kipenyo, yaani 140. Ukipita hapo unaikuza picha ileile iliyokwisha fifia, huku kila mtikisiko wa stendi ukikuzwa nao. Na huo ukungu kukimbia ni dunia inazunguka. Kwa mara 525 sayari inavuka jicho la darubini kwa sekunde 20 hivi, hata kushika skrubu ya fokasi hujawahi. Kwa mara 28 inakaa dakika sita au saba. Kwa hiyo lenzi ya 4 na ile ya kuzidisha zirudishe kwenye boksi, zikae huko.

Kazi inaanza mchana. Ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya bomba ni lazima ikubaliane na bomba lenyewe. Mimi hulenga mnara wa simu ulio ng'ambo ya maji. Nauweka ncha yake katikati kwa lenzi ya 25, halafu nakaza skrubu za darubini ndogo mpaka ncha ileile ikae kwenye msalaba. Jua usilielekee kabisa, hata kwa kupitisha tu, litakupofusha. Ukishazilinganisha hivyo, usiku hutakuwa na kazi ya kupapasa anga.

Usiku weka lenzi ya 25 na ulenge Mshtarii. Kitu cha kwanza utakachokiona huenda kikawa duara kubwa la mwanga, na wengi hufurahia hapo wakidhani ndiyo sayari. Siyo. Hiyo ni fokasi haijakaa. Zungusha skrubu polepole, duara litazidi kuwa dogo, na ukilivuka litaanza kutanuka tena. Rudi pale lilipokuwa dogo kuliko kote. Utajua umefika kwa sababu vitatokea vinukta vikali kandokando ya sayari, vimejipanga kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini duni kuliko hiyo ya kwako. Kwetu hapa karibu na ikweta, Mshtarii ikiwa inachomoza mstari huo husimama karibu wima, kwa hiyo usishangae kuona miezi iko juu na chini ya sayari badala ya kulia na kushoto.

Ukihesabu mitatu, usikimbilie kulaumu darubini. Usiku mmoja nilikaa na wanangu uani, saa tatu tukahesabu mitatu. Nikawaambia tusubiri, chai ikaletwa. Ilipokaribia saa tano, ubavuni mwa sayari kulikuwa na kinukta kingine kimegandana nayo, na kadiri tulivyokaa ndivyo kilivyojitenga. Ilikuwa Io. Inamaliza mzunguko wake kwa saa 42 tu, na kwa muda wa saa mbili na kidogo inasogea umbali sawa na upana wa Mshtarii yenyewe. Binti yangu aliuona mwezi wa dunia nyingine ukitembea, kwa macho yake, akiwa kwenye kigoda. Yule bwana wa kazini hajauona mpaka leo.

Chora mstari huo kwenye daftari kila unapotazama, na uandike saa. Mwezi unaofika mbali zaidi ni Kalisto, unaochukua karibu siku 17 kuzunguka. Michoro ndiyo itakayokufundisha upi ni upi.

Sasa Zohali, na hapa watu wa Mwanza tuna taabu yetu wenyewe. Miaka hii ya 2025 na 2026 Zohali inapita karibu kabisa na utosi wetu. Ni neema, maana hapo juu hewa ya kupenya ni kidogo. Lakini stendi za bei nafuu haziwezi kuelekea utosini: bomba linagonga mguu, na shingo yako inaumia. Usishindane nayo. Mwanzoni mwa Oktoba 2026, kwa mfano, itafika juu kabisa saa saba kasoro usiku. Itazame saa nne, ikiwa imepanda nusu ya anga upande wa mashariki. Fupisha miguu ya stendi, keti, na ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu ili itulie.

Chagua pia unapokaa. Mawe yetu haya yanakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, mabati nayo hivyo hivyo. Ukitazama juu yake tu, sayari inachemka. Subiri ipande, au hamia mahali ambapo chini yake kuna majani au maji. Taa za mtaani hazina shida sana, na mbalamwezi haiharibu kitu kwa sayari hizi mbili. Ila zima taa ya uani, la sivyo wadudu wa ziwani watakujaa machoni na kwenye lenzi.

Anza na 25, ikae katikati, ndipo uweke 10. Kwa mara 70 pete zipo, lakini usitegemee zile pana za kwenye picha. Machi 2025 zilitugeukia ubavu hadi zikapotea machoni, na sasa zinafunguka kidogo kidogo kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa sasa utaona shanga iliyochomwa sindano. Ukiiona hivyo, umeiona sawasawa.

Kisha tafuta kinukta hafifu kwenye mstari wa hiyo sindano, au karibu nao, kisichozidi umbali wa mara nne na nusu ya upana wa pete. Huenda ni Titani. Huzunguka kwa siku 16, kwa hiyo ichore leo, na baada ya siku nane uitafute upande wa pili.