Kabla Hujatia Saini Slipu ya Mwisho

Ijumaa iliyopita kijana mmoja wa stoo alinijia mezani, simu mkononi, tabasamu hadi masikioni. Alikuwa amepata kazi kwingine. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka nikaona tarakimu moja tu, ile ya chini kabisa. "Mkubwa, si hii iko sawa?"

Nikamwambia arudishe picha juu. Akashangaa, maana kumbe huko juu kulikuwa na mistari.

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Slipu ya mwezi wa kawaida unaijua hata ukiwa usingizini, lakini ya mwisho haifanani nayo. Ina mistari miwili ambayo hujawahi kuiona, mmoja wa likizo uliyobakisha na mwingine wa notisi, na hiyo miwili ndiyo inayoliwa na panya. Mimi ndiye ninayeziandaa siku hizi, kwa hiyo nawaambia nikiwa upande wa jikoni. Zamani nilikuwa upande wa kulishwa, na nililishwa vibaya. Nitafika huko.

1. Anza na siku, pesa baadaye.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Shikilia hayo maneno mawili, "za kazi", yatatufaa hapo chini. Ukiondoka katikati ya mwaka wa likizo ukiwa umemaliza angalau miezi miwili, unahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi minane mara 1.75 ni siku 14. Toa zile ulizokwenda, inayobaki ndiyo idadi yako.

Uliokamilika, nimesema. Kuna dada hapa alichagua tarehe 28 iwe siku yake ya mwisho kwa sababu iliangukia Ijumaa na alitaka kuagana na watu vizuri, na keki juu. Mwezi wake wa likizo ulikuwa unatimia tarehe 31. Keki ilikuwa tamu, sikatai, nilikula vipande viwili.

Usiitegemee kumbukumbu ya ofisi. Fomu zako za likizo, zile zenye saini ya meneja, zipige picha ungali na kadi ya kuingilia getini.

2. Uliza wamegawanya kwa ngapi.

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo mnisamehe nikikaa kidogo.

Nilikuwa karani katika kampuni moja ya Eneo la Viwandani. Mshahara wangu ulikuwa 66,000 kwa mwezi, kitita kimoja, nyumba ikiwa ndani yake, na nilifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka wa likizo ulianza Januari. Tarehe 10 Agosti nikaandika barua ya kuacha kazi, na mkataba wangu ulifuata sheria, notisi ya siku 28. Waajiri wangu wapya walinitaka tarehe 1 Septemba. Nikaenda kwa meneja wangu, mtu mchangamfu sana, nikamweleza. Akanipiga bega. "Wewe nenda tu, huku tutajipanga." Nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Mwisho wa Agosti nikaitwa kaunta ya uhasibu. Slipu hii hapa, saini hapa, hundi hii hapa. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya Umoja inayonisubiri pamoja na karo ya mdogo wangu. Nikaangalia tarakimu ya chini, nikaona inakaribia mshahara niliouzoea, nikasema afadhali. Nikatia saini karatasi iliyosema nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote. Kalamu yenyewe ilikuwa imefungwa kaunta kwa uzi.

Miaka minne baadaye, nikiwa tayari ninaandaa mishahara mwenyewe, niliikuta slipu ile kwenye bahasha ya vyeti. Nikaisoma kama ninavyosoma za wengine. Nilikaa chini.

Likizo kwanza. Nilikuwa nimepata siku 14, nimekwenda tano, zimebaki tisa. Hiyo waliipata sawasawa. Lakini siku moja waliifanya 2,200, yaani 66,000 gawanya kwa 30, jumla 19,800. Sasa rudi kwenye yale maneno mawili. Likizo inahesabiwa kwa siku za kazi, na kwenye likizo yangu hakuna Jumamosi wala Jumapili iliyowahi kukatwa. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana siku za kazi kama 22 kwa mwezi. Wa siku sita ana kama 26. Kwa 22, siku yangu moja ilikuwa 3,000, na siku tisa ni 27,000. Tofauti ni 7,200.

Kisha notisi. Kuanzia tarehe 11 Agosti, siku 28 zinaishia tarehe 7 Septemba. Mimi niliondoka tarehe 31 Agosti, kwa hiyo nilibakiza siku saba. Siku saba za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Wao walikata siku saba kwa 3,000 kila moja, 21,000.

Mmeiona? Walipokuwa wananilipa, mwezi ulikuwa na siku 30. Walipokuwa wananikata, mwezi uleule ukawa na siku 22. Siku ya kalenda inaendana na 30: saba mara 2,200 ni 15,400. Ukitaka kutumia siku za kazi, basi katika siku saba mfululizo za kalenda za kazi ni tano tu, na tano mara 3,000 ni 15,000. Njia zote mbili zinakaribiana, na ukaribu huo ndio kipimo chako. Zikiachana kwa maelfu, kuna mtu amechanganya aina za siku. Slipu yangu ilinifanya niwadai hasi: likizo 19,800 kutoa notisi 21,000, mimi ndiye mwenye deni la 1,200. Kwa hesabu nyoofu nilipaswa kubaki na 11,600 kabla ya kodi. Pengo la 12,800. Wakati ule hiyo ilikuwa kodi ya nyumba na chenji ya unga.

Sidhani hata kama walikusudia. Nimeona hesabu za aina hiyo kwenye eksel za watu wema kabisa: mtu mmoja aliandika fomula ya likizo, mwingine akaja kuandika ya notisi, hawakuwahi kukutana. Sera ya kampuni ikitaja kigawanyo chake, kisome. Unachodai ni kwamba aina ya siku ilingane na kigawanyo, na kwamba mistari yote miwili ianzie kwenye mshahara uleule. Wengine hulipa likizo kwa mshahara wa msingi halafu hukata notisi kwa mshahara pamoja na marupurupu. Huo ni mchezo uleule, umevaa koti tu.

3. "Wewe nenda tu" si hati.

Hili bado linaniuma kuliko zile 12,800. Kifungu cha 36 kinamruhusu kila upande kuvunja mkataba bila kusubiri notisi, mradi alipe kipindi hicho. Hapo ndipo makato yao yalipotoka, na kama ningekuwa nimejiondokea tu, ni halali. Lakini kifungu cha 38 kinasema kwamba ukitoa notisi na mwajiri akakusamehe yote au sehemu yake, yeye ndiye anayekulipa siku ambazo hukutumikia, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine. Yule meneja mchangamfu alinisamehe siku saba kwa mdomo. Ningekuwa na mstari mmoja wa barua pepe, yale makato ya 21,000 yangekuwa sifuri, na pengine ningedai malipo juu yake.

Sikuwa nao. Nilikuwa na bega lililopigwa.

Kwa hiyo ukitoka ofisini kwa meneja, kabla hujafika kwenye meza yako, andika: "Asante kwa kukubali kwamba siku yangu ya mwisho iwe tarehe 31 Agosti na kwamba siku saba za notisi zilizobaki hazitakatwa." Akinyamaza, mkumbushe kesho yake. Akikataa, umejua mapema, na bado una mlango mmoja: omba siku tano za likizo uliyobakisha zifidie zile siku saba, wakubali kwa maandishi. Mimi nilikuwa na tisa! Wala sikuwaza.

4. Madogo, haraka haraka.

Malipo ya likizo ni mapato, kwa hiyo PAYE itapanda mwezi huo pamoja na SHIF ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, msije kunililia kwamba mmeibiwa. Makato ya notisi kwa kawaida hutolewa baada ya kodi, ndiyo maana 15,000 inayokatwa inauma kuliko 15,000 inayolipwa. Jumla ya makato kwa mkupuo mmoja haipaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. Cheti cha utumishi ni haki yako, kidai siku hiyohiyo. Fomu ya P9 nayo usiisahau, Juni ikikaribia utanikumbuka.

5. Ile karatasi ya "sina dai lolote".

Mtasikia watu kwenye matatu wakisema haina nguvu. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2013 kwamba karatasi hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wa kisheria. Lakini mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilimshikilia mfanyakazi kwa makubaliano aliyotia saini. Inategemea ulielewa nini, ulilipwa nini, na ulisaini ukiwa katika hali gani. Na dai la kazi lina miaka mitatu ya kufikishwa mahakamani. Mimi nilifungua bahasha mwaka wa nne.

Omba nakala, nenda nayo nyumbani usiku mmoja. Wakikataa na unahitaji pesa, tia saini, kisha juu ya saini andika kwa mkono kwamba umepokea kiasi kilichotajwa na kwamba hesabu ya likizo na notisi bado unaidai.

Yule kijana wa stoo alifanya hivyo Jumatatu. Slipu yake ilikuwa na likizo kwa 30 na notisi kwa 26, na fomula hizo, nakiri, zilikuwa kwenye faili langu mimi. Nilizirithi kwa aliyenitangulia, zile za wafanyakazi wa ghala sikuwahi kuzifungua. Nimezirekebisha. Sasa ninapitia slipu za mwisho za walioondoka tangu mwaka jana, nimefika kwa mtu wa sita, na bosi ameanza kuniuliza kwa nini ninachelewa kwenda chakula cha mchana.