Ripoti ya ukaguzi kabla ya kumimina slabu: mfano wa kava ya nondo Bamburi

Anayeanza kazi ya ukaguzi wa saiti mara nyingi huandika ripoti ya kurasa 6 yenye picha 40, halafu mkandarasi akaisoma asijue afanye nini. Kasoro inaonekana kwenye picha, maneno yanasema "ufungaji wa nondo haukuridhisha," na mwisho kuna ombi kwamba marekebisho yafanywe. Marekebisho gani, sehemu ipi, nani ayafanye na lini, hakuna. Hapa tutaifuata kasoro moja tu tangu inapopimwa hadi inapofungwa kwenye ripoti. Kasoro yenyewe ni ya kava, kwa sababu pwani ndiyo inayokula majengo kimyakimya.

Kava ni unene wa zege kati ya uso wa nje na chuma kilicho karibu zaidi na uso huo. Zege zima lina ukali wa alkali unaoufunika uso wa nondo kwa utando mwembamba na kuzuia kutu. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hupenya polepole kwenye zege, na ikifika kwenye chuma kwa wingi wa kutosha huvunja utando ule. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona roshani ya zamani imemenyeka chini na nondo nyekundu zinaning'inia, mara nyingi hiyo ndiyo safari iliyofanyika. Kila milimita ya kava inaongeza muda kabla chumvi haijafika.

Sasa tutunge mfano. Jengo la ghorofa nne liko Bamburi, pwani ya Mombasa, slabu ya ghorofa ya kwanza ina unene wa milimita 175, nondo zake kuu ni za milimita 12, na mchoro unadai kava ya milimita 40 chini na juu. Maelezo ya kazi yanaruhusu upungufu usiozidi milimita 5. Ukaguzi ni Jumanne tarehe 7 Julai, na mkandarasi anataka kumimina Alhamisi. Saa iandike kwa namna moja tu ripoti nzima. Simu itaweka 10:15 kwenye picha, na wewe ukiandika "saa 4:15 asubuhi" bila kueleza, mtu atakayesoma miezi sita baadaye atadhani ulipiga picha siku nyingine. Chagua saa ya simu, sema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, basi.

Kupima kava kwenye slabu isiyomiminwa ni rahisi, ila kuna makosa mawili yanayorudiwa kila mara. La kwanza ni kwenye bimu. Mtu hupima kutoka kwenye ubao hadi nondo kuu, akasahau kwamba ringi, yaani chuma chembamba kinachozizunguka nondo kuu, ndiyo iliyo nje. Akipata milimita 45 huku ringi ni ya milimita 8, kava ya kweli ni 37. Pima hadi chuma cha nje kabisa, hata kikiwa ringi au ncha ya waya wa kufungia iliyogeukia nje. La pili ni kupima pale pazuri tu, karibu na biskuti, yaani vile vipande vya zege vinavyoinua nondo. Nondo hunepa katikati ya biskuti mbili, kwa hiyo katikati ndipo pa kupima.

Katika mfano wetu mkaguzi alipima sehemu 10 kwenye ukanda unaotazama bahari, kati ya mistari A/1 na A/4 ya mchoro. Alipata, kwa milimita: 38, 40, 24, 18, 41, 22, 39, 15, 26 na 40. Sehemu 5 ziko chini ya 35. Ziandike zote 10. Ukiandika ile ya 15 peke yake mkandarasi atasema ulitafuta mbaya kuliko zote, na ukiandika wastani, ambao ni 30.3, utakuwa umeificha ile 15 ndani ya namba inayoonekana si mbaya sana. Chumvi haitaingia kwa wastani.

Baada ya kipimo, tafuta sababu papo hapo kabla ya kushuka kwenye slabu. Biskuti zilikuwa zimeachana kwa mita 1.8 hadi 2.2, ilhali kwa kawaida hazifai kuachana zaidi ya mita 1. Mahali pawili zilikuwa zimepasuka chini ya miguu ya mafundi, na mahali pamoja palikuwa na kipande cha jiwe la matumbawe badala ya biskuti. Jiwe hilo lina vitundu vingi na hunyonya maji, kwa hiyo likibaki ndani ya slabu linakuwa njia ya mkato ya chumvi kufika kwenye chuma. Sababu ikiandikwa kando ya kipimo, marekebisho yanajulikana bila mjadala.

Nondo za juu zilikuwa na kasoro ya kinyume, nayo wageni wa kazi huiacha kwa kuwa kava "imezidi." Juu ya bimu ya mstari wa A, mafundi walikuwa wamezikanyaga nondo za juu hadi kava ikawa milimita 75. Hesabu yake ni fupi. Kwa kava ya 40, kina kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo ni 175 − 40 − 6, yaani 129. Kwa kava ya 75 kina hicho kinabaki 94. Slabu imepoteza zaidi ya robo ya kina chake pale inapohitaji nguvu upande wa juu, na matokeo yake ni ufa mrefu unaofuata bimu upande wa juu baada ya mbao kuondolewa. Hesabu hii iweke kwenye ripoti kwa mstari mmoja. Foremani aliyeona ni jambo la kusumbuana bure huelewa akiona 129 na 94 zimekaa pamoja.

Kwa picha, kila kasoro inahitaji mbili. Ya kwanza ipigwe kwa mbali ili mtu ajue ni wapi kwenye jengo, na iwe na kitu kisichohama, kama nguzo yenye alama ya mstari iliyoandikwa kwa chaki. Ya pili ipigwe kwa karibu, futi ya chuma ikiwa imegusa ubao na namba ikisomeka. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapiga wakiwa wamesimama, kamera ikitazama futi kwa mshazari, na 24 inasomeka 30. Piga goti, kamera iwe usawa wa namba. Jua la mchana la Mombasa nalo hufuta kila kitu kwenye chuma kinachong'aa, basi simama uweke kivuli chako juu ya futi.

Picha ipewe namba moja tu, inayofanana kwenye jina la faili na kwenye maandishi, kwa mfano `BMB-0707-05.jpg` ambayo kwenye ripoti ni Picha 5. Faili za asili zihifadhiwe bila kuguswa. Ukituma picha kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na taarifa za tarehe na mahali huondolewa, kwa hiyo itume kama faili au kwa barua pepe. Na picha isiyotajwa popote kwenye maandishi itoe. Inamfanya msomaji atafute kasoro ambayo wewe mwenyewe hukuiona.

Kipengele kimoja kikikamilika kinasomeka hivi:

"3.2 Kava ya chini, slabu ya ghorofa ya kwanza, ukanda A/1 hadi A/4. Inayotakiwa: mm 40, upungufu unaoruhusiwa mm 5. Iliyopimwa sehemu 10: 38, 40, 24, 18, 41, 22, 39, 15, 26, 40. Sehemu 5 hazikufikia. Biskuti zimeachana m 1.8 hadi 2.2, mbili zimepasuka, na kuna jiwe la matumbawe mahali pamoja. Picha 4 (eneo), 5 (kipimo cha mm 15), 6 (umbali wa biskuti), 7 (jiwe)."

Hakuna neno "baya" wala "uzembe" humo. Ukiandika uzembe, majibu utakayopata yatahusu heshima ya foremani, na nondo zitabaki zilipo.

Tofautisha pia ulichokiona na unachokishuku. Kwenye saiti hiyohiyo maji ya kuchanganyia yalichotwa kisimani, na visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi. Ulimi si kipimo cha maabara. Andika kwamba maji yanatoka kisima cha kona ya kaskazini na kwamba cheti cha maabara kiliombwa na hakikuonyeshwa. Hatua inayofuata ni cheti kiletwe, au yatumike maji yenye cheti, kabla ya kumimina.

Hatua za kufuatilia ndizo zitakazosomwa kwanza, na pengine peke yake, kwa hiyo zitangulie kwenye ukurasa wa kwanza. Kila moja iwe na mtu mmoja, siku, na namna ya kuthibitisha. Ya kipengele 3.2 itakuwa: mkandarasi aondoe jiwe, aweke biskuti za zege za mm 40 zisizoachana zaidi ya m 1 kila upande, kisha amwite mhandisi apime tena Alhamisi tarehe 9 Julai saa 10:00. Slabu isimiminwe kabla ya kipimo hicho kusainiwa. "Haraka iwezekanavyo" usiiandike, kwa sababu haina siku ya kuchelewa. Kabla ya kutuma, angalia mkataba unasema agizo hutoka kwa nani. Mara nyingi ni msanifu au mhandisi aliyetajwa humo, na ripoti ya mkaguzi mdogo bila barua yake mkandarasi anaweza kuichukulia kama maoni tu. Ripoti ifike ndani ya saa 24. Ikifika Ijumaa, slabu ya Alhamisi imeshamiminwa.

Tuseme Alhamisi vipimo vipya vilikuwa 39, 40, 38, 41, 37, 40, 39, 38, 40 na 42, na nondo za juu zimeinuliwa kwa viti vya nondo hadi kava ya 41. Piga picha palepale ulipopiga Picha 4 na 5, ziweke kando ya zile za kwanza, andika "imefungwa" na tarehe. Kumimina kukapangwa Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa mafundi wengi wataondoka kwa swala ya mchana, na slabu iliyosimamishwa katikati huacha kiungo baridi, yaani mshono kati ya zege lililoanza kuganda na zege jipya, ambao maji ya mvua huuona mapema.

Kipengele cha maji nacho kilifungwa cheti kilipoletwa. Kimoja tu kikabaki wazi: vipande vya zege vya majaribio vya milimita 150 vilivyochukuliwa Jumamosi tarehe 11, vya kuvunjwa siku ya 7, tarehe 18 Julai, na siku ya 28, tarehe 8 Agosti. Kwenye ripoti ya wiki inayofuata, na ya wiki baada ya hiyo, kiandikwe tena "wazi" na namba yake ileile, hata kama hakuna jipya la kusema.