Dilei iliyokaa kabla ya distosheni

Kwa miezi mingi solo zangu za gitaa kanisani zilikuwa zinageuka uji. Nikipiga noti moja moja, safi. Nikikimbiza vidole kidogo tu, sauti zinarundikana. Nikailaumu dilei, pedali inayorudia noti kama mwangwi, nikaipunguza mpaka ikawa haisikiki. Kumbe tatizo ni mahali ilipokaa: waya kutoka kwenye gitaa ulipitia dilei kwanza, ndipo ukaingia distosheni.

Distosheni hukuza mawimbi ya gitaa, kisha hukata vilele vyake. Chukua pedali inayokuza mara 100, yenye diodi za silikoni zinazokata kwenye volti 0.6 hivi. Noti yako ina milivolti 200, na kila mwangwi wa dilei ni nusu ya uliotangulia: 100, 50, 25, 12.5. Hata huo wa mwisho ukikuzwa unafika volti 1.25, kwa hiyo nao unakatwa palepale kwenye 0.6. Noti na miangwi yake minne inatoka karibu kwa nguvu ileile, hakuna kinachofifia. Tena noti mpya inaikuta miangwi ya zamani mlemle ndani, zinasagwa pamoja, na zinazaliwa sauti ambazo hukuzipiga. Huo ndio uji wenyewe.

Ukiihamishia dilei baada ya distosheni, noti inakatwa kwanza ikiwa peke yake. Miangwi inashuka kutoka volti 0.6 hadi 0.3, 0.15, 0.075, kila mmoja una ukali wa noti ya kwanza ila uko mbali zaidi.

Jihadhari na jambo moja. Kama ukali unatoka kwenye ampu yenyewe, dilei iliyo sakafuni bado iko kabla ya distosheni, hata ikiwa pedali ya mwisho. Tazama nyuma ya ampu: yakiwepo matundu ya SEND na RETURN, ichomeke hapo ili ije baada ya ukali. Kujua kama tatizo ni mpangilio, zima ukali wote upige kipande kilekile. Miangwi ikififia vizuri, basi dilei yako ni nzima.

Pedali ya wawa ni habari nyingine, na hapa ladha ina nafasi. Kazi yake ni kuinua ukanda mwembamba wa sauti, na mguu wako ndio unaousogeza. Ikiwa kabla ya distosheni, ukanda ulioinuliwa ndio unaoingia humo kwa nguvu zaidi, na kule kukatwa kunasawazisha ukubwa. Unasikia kama mdomo unaotoka "u" kwenda "a". Jimi Hendrix aliipanga hivyo, wawa kisha fazi, ambayo ni aina ya distosheni, nami nimebaki hapo.

Ikiwa baada, inakuta sauti ambayo distosheni imeshaijaza masafa ya juu, kwa hiyo ina mengi ya kuchuja. Mpito unakuwa mkubwa, karibu na sauti ya kinanda cha sinti: kisigino chini, sauti inazibwa, vidole chini, inachoma masikio na kuruka juu ya bendi nzima. Kwa ridhimu ya taratibu inapendeza. Kwa solo, mimi inanishinda kuidhibiti.