Usilisome jina la akaunti, liandike

Mteja alipiga simu Alhamisi saa nne asubuhi, yuko Mwanza. "Dada, basi limefika tangu jana, mbona mzigo wangu sijauona?" Nikamuuliza jina, nikafungua daftari la oda, hayumo. Nikaingia inboksi ya akaunti yetu ya Instagram, hatujawahi kuandikiana naye hata salamu. Mwenyewe akashikilia kwamba tumezungumza siku mbili, nimemchagulia rangi, na punguzo nimempa. Mwisho akanitumia picha za skrini. Juu kabisa ni jina la duka letu, pembeni picha ya shangazi yangu amejifunga kitenge cha kijani, ile ile tunayoitumia sisi.

Niliirudia ile picha mara tatu bila kuona kasoro. Ya nne ndiyo nikaona.

```
vitenge_vya_mama_salma
vitenge_vya_marna_salma
```

Ya juu ndiyo yetu. Kwenye ile ya chini, m ya pili ya neno "mama" si m. Ni r na n zimekaa bega kwa bega. Hapa unaziona tofauti kwa sababu nimezipanga moja juu ya nyingine. Mteja hapati nafasi hiyo. Yeye anaona jina moja tu, dogo, kwenye simu, na jina lenyewe analifahamu tayari. Mtu anayejua kusoma hapiti herufi kwa herufi, anachukua neno zima kwa mkupuo, na "mama" ni neno ambalo jicho likishaona mwanzo na mwisho wake halina haja ya kuchungulia katikati. Ndiyo maana simlaumu yule dada, na ndiyo maana ushauri wa "kuwa makini uangalie jina vizuri" naona haumsaidii mtu. Yeye aliliangalia. Mimi mwenye duka niliangalia mara tatu.

Kinachosaidia ni kuandika. Ukitaka kujua kama akaunti inayokuandikia ndiyo unayoifahamu, usiguse jina lililo kwenye ujumbe. Toka, nenda kwenye sehemu ya kutafuta, uandike jina la duka kwa vidole vyako mwenyewe, herufi moja moja, kama lilivyo kwenye risiti ya zamani au kwenye mfuko uliobebea mzigo wa kwanza. Vidole vyako vitaandika m, haviwezi kuandika r na n kwa bahati mbaya. Ikifunguka akaunti ambayo haina yale mazungumzo mliyokuwa nayo, basi ulikuwa unaongea na mtu mwingine. Kama mlishawahi kununuliana, kuna njia fupi zaidi: fungua mazungumzo yenu ya mwaka jana. Akaunti ya kweli itakuwa na yale maneno ya zamani, ya bandia itakuwa inaanza leo.

Ujanja wa r na n si pekee. Kuna l inayobadilishwa kuwa 1, o kuwa 0, mstari wa chini mmoja kufanywa miwili, ambao kwenye simu unaonekana kama mstari mmoja mrefu kidogo. Kuna wanaoongeza tu kipande mwishoni, "tz" au "official", na hao wanapata watu wengi kwa sababu kipande chenyewe kinaongeza heshima. Instagram majina haya ni herufi ndogo tu, tarakimu, nukta na mstari wa chini, hivyo uwanja wa tapeli una mipaka. Kwenye X na Telegram hali ni mbaya zaidi kwa sababu herufi kubwa zinaonekana, na I kubwa haitofautiki na l ndogo kwa macho kabisa. Kwa hiyo ukiwa huko, kuandika mwenyewe ndiyo njia ya kutegemea.

Na tusichanganye majina mawili. Lile la kwenye akaunti linaloanza na @ haliwezi kuwa la watu wawili. Lile lingine linaloandikwa chini ya picha, "Vitenge vya Mama Salma", mtu yeyote anaweza kujiandikia hata sasa hivi, pamoja na maelezo ya duka na namba ya fremu. Hilo halithibitishi chochote.

Baada ya kuandika, kipimo cha pili ni historia ya akaunti. Kwenye Instagram ingia kwenye ukurasa wake, gusa vidoti vitatu juu, kisha `About this account`. Utaona mwezi na mwaka iliofunguliwa, mara nyingi na nchi inakoendeshwa, na imebadilisha jina mara ngapi. Ya kwetu ni ya 2019. Ile nyingine ilikuwa na wiki tatu, lakini ukurasa wake ulijaa picha zetu za miaka minne, zote zimepandishwa ndani ya siku mbili. Tahadhari moja: umri mkubwa peke yake usikutulize, maana wapo wanaonunua akaunti kuukuu na kuzibadilisha jina. Ndipo ile idadi ya majina ya zamani inapokuwa na kazi.

Sasa nieleze tapeli alivyompata yule dada, kwa sababu hapa sisi wauzaji tuna mkono wetu. Tulikuwa tunaweka picha ya kitenge bila bei, watu wanauliza chini yake "bei gani?", nasi tunajibu "njoo inboksi". Yule mtu alichofanya ni kukaa kwenye maoni yetu. Kila aliyeuliza bei, yeye anamwahi na ujumbe: karibu mpendwa, pisi moja elfu 60. Mteja anatarajia jibu kutoka duka la Mama Salma, na jibu limekuja likiwa na jina na picha ya Mama Salma. Atashtukia nini? Yule dada wa Mwanza alitaka pisi 3, laki na themanini, na nauli ya basi elfu 10. Siku hizi bei tunaandika kwenye posti yenyewe, na juu ya ukurasa tumeandika kwamba sisi hatuanzi kumwandikia mteja. Unayetuandikia ni wewe kwanza. Sentensi hiyo imezuia mengi kuliko nilivyodhani, kwa sababu inamfanya aliyeanza kuandikiwa ajiulize.

Palikuwa na sehemu moja zaidi ya kumshika. Kabla hujaweka namba ya siri ya kutuma pesa, simu inakuonyesha jina alilosajiliwa mpokeaji. Lilitokea jina la mwanaume ambaye hatumjui. Dada akauliza, akajibiwa kwamba ni namba ya mhasibu wa duka, ya mama ina tatizo la mtandao. Sababu ya kuwa na mhasibu, dereva au mdogo wangu wa kupokea pesa ndiyo hiyo hiyo kila mahali. Jina likitokea ambalo hukulitegemea, simama hapo, piga namba ya duka unayoijua wewe, si ile aliyokutumia.

Kuripoti nako tulikosea mwanzoni. Mimi nilipotafuta ile akaunti sikuiona, nikadhani imeshafutwa. Kumbe alikuwa ametublok. Karibu wote huanza kwa kumblok mwenye jina, ili asione kinachoendelea. Ikikutokea, tumia simu ya mtu ambaye hafahamiki kwake. Kabla ya kubonyeza chochote, kusanya ushahidi: linki kamili ya ukurasa wake, picha ya skrini ya ukurasa, za mazungumzo zenye tarehe, namba ya simu aliyotoa na ujumbe wa muamala. Akihisi ameonekana hubadilisha jina, na linki yenye jina la zamani inabaki haiendi popote.

Kosa langu la pili lilikuwa kutangaza kwenye stori: jamani naombeni wote muiripoti akaunti hii. Watu wetu wa moyo safi wakaripoti kwa makumi, wengi wakachagua kwamba ni matangazo ya usumbufu. Instagram wenyewe wanasema wingi wa ripoti hauamui kitu. Kinachoangaliwa ni sababu uliyochagua na wewe ni nani. Sababu inayofaa hapa ni ile ya kujifanya mtu mwingine, kwenye menyu ya `Report` inatumia maneno `pretending to be`. Ukiichagua utaulizwa anajifanya nani, ndipo unaitaja akaunti ya kweli.

Ripoti yenye uzito zaidi ni ya mwenye jina mwenyewe au anayemwakilisha. Kwenye `help.instagram.com` kuna fomu ya kuripoti anayejifanya wewe, na inajazwa hata na asiye na akaunti. Inaomba linki ya akaunti bandia na picha ya kitambulisho. Shangazi alijaza mwenyewe kwa sababu sura kwenye picha ni yake, akatumia kitambulisho chake cha NIDA kilichopigwa mahali penye mwanga, maandishi yote yanasomeka. Akaunti ikaondolewa siku chache baadaye. Fomu nyingine, ya alama ya biashara, ni kwa wenye alama iliyosajiliwa na namba yake. Hapa wengi hujichanganya: kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara, hata kama vyote vinafanyika BRELA. Kama una cheti cha jina tu, pita kwenye ile ya kwanza.

Upande wa pesa hausubiri akaunti ifutwe. Mteja anatakiwa kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika ile ile anayogundua, kwa sababu pesa inaweza kuzuiwa ikiwa bado haijatolewa. Namba ya tapeli inaripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, utajibiwa uiandike namba yenyewe. Kisha polisi, upewe RB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa hayo ni mambo ya Instagram mkamalizane huko.

Pesa ya yule dada ilikuwa imeshatolewa kwa wakala siku mbili kabla hajatupigia. Shangazi alimpa pisi 3 kwa bei tunayonunulia sisi, akalipia nauli ya basi yeye. Mwezi uliofuata ikazuka `vitenge_vya_mama__salma`, mistari miwili. Safari hii tuliiona siku ya tatu, maana kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua fremu naandika jina letu kwenye sehemu ya kutafuta kwa makosa yote ninayoweza kuyafikiria, nikitumia simu ya kijana wetu wa stoo.