Maswali na majibu: kutafsiri karatasi ya mzazi wa mtoto anayehara

Kwenye karatasi ya Kifaransa imeandikwa mtoto apewe dawa "kila masaa 8". Niandike "kila saa nane"? (Muuguzi, Goma)

Hapana, dada. Mama wa Goma akisoma "kila saa nane" anaweza kuelewa kila siku saa nane mchana, na mtoto akapata dozi moja badala ya tatu. Usiishie kwenye "kila baada ya masaa 8" pia, maana mzazi atabaki akihesabu mwenyewe. Mtajie saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Pembeni chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi.

Hatari hiyo inaongezeka Kifaransa kinapotaja saa moja kwa moja. "8h" ni saa mbili asubuhi na "20h" ni saa mbili usiku. Mfasiri aliyechoka huacha ile nane ilivyo, na dozi ya asubuhi inahamia mchana. Kabla ya kuchapa, mtu wa pili apitie saa peke yake, bila kusoma kitu kingine.

"Upungufu wa maji mwilini" ni sahihi, lakini wazazi wanaitikia tu. Tuandike nini? (Mhamasishaji wa afya, Bukavu)

Yaacheni maneno hayo kwenye kichwa, kisha chini yake andikeni anachoweza kuona mzazi: macho yameingia ndani, mdomo umekauka, analia bila machozi, mkojo umepungua. Dalili za kukimbilia kituo cha afya zikae peke yake, kwa herufi kubwa: hawezi kunywa, au amelegea na haamki vizuri. Zikichanganywa na zile za kwanza, mzazi hatajua lini asingoje tena.

Tutajuaje kwamba tafsiri yetu imeeleweka? (Mwanafunzi wa uuguzi, Goma)

Kwanza mpe mtu ambaye hajaona Kifaransa airudishe kwa Kifaransa, mlinganishe. Hiyo hukamata neno lililopotea, ila haikuonyeshi mzazi atafanya nini nyumbani. Kwa hiyo usimuulize "umeelewa?", maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Mpe pakiti ya SRO, yaani dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na maji safi na karatasi yenu, umwambie: "Mama, nionyeshe."

Tuseme mmeandika "changanya pakiti kwenye chupa ya maji". Atachukua chupa ya litri moja na nusu, na dawa itakuwa nyepesi mno. Mwingine atachukua ya nusu litri, itazidi chumvi, na hiyo ni hatari kwa mtoto. Kama pakiti yenu ni ya litri moja, andikeni: "Pakiti nzima, chupa mbili za nusu litri. Mimina maji yote kwenye chombo kimoja safi, ndipo utie dawa. Ikifika kesho saa hiyo hiyo, mwaga iliyobaki, tengeneza mpya." Wazazi wawili watatu wakikosea mahali pamoja, sentensi hiyo ibadilishwe, kisha ijaribiwe kwa wazazi wengine.